Tangazo lililopigwa picha: uliandike kwa Kiamhari au kwa Kitigrinya?

Anayefanya kazi ya kutafsiri Nairobi au Kampala hulijua ombi hili: picha ya tangazo inaingia kwa WhatsApp, na chini yake ujumbe mmoja unaosema, "Tuwekee na Kihabeshi." Lugha inayoitwa Kihabeshi haipo. Kuna Kiamhari na kuna Kitigrinya, nazo ni lugha mbili za ukoo wa Kisemiti zilizo karibu sana kwa maandishi na mbali vya kutosha kwa maneno hata msomaji wa moja asiielewe nyingine kama hakufundishwa. Aliyetoa ombi mara nyingi hajui tofauti hiyo, kwa hiyo uamuzi unabaki kwako.

Wengi wanaopokea maombi ya namna hii tayari wameshazoea kutafsiri matangazo kwa Kiarabu, kwa ajili ya wasomaji kutoka Sudan au Yemen, na swali lao la pili ni kiasi gani cha mazoea hayo kinaweza kuhamia upande wa pili. Makala haya yanalinganisha lugha hizo mbili kwa kutumia tangazo moja, yakipima pia kila mahali Kiarabu kinaposaidia na kinapopotosha.

Tangazo lenyewe

Tuchukue tangazo la kliniki ya watoto lililobandikwa mlangoni, limeandikwa Kiswahili juu na Kiarabu chini:

"Kliniki ya watoto itafungwa kuanzia Jumatano tarehe 9 hadi Jumatatu tarehe 14 Septemba 2026. Itafunguliwa Jumanne tarehe 15, saa mbili asubuhi. Tafadhali njoo na kadi ya chanjo. Hairuhusiwi kuingia chumba cha sindano bila kuitwa."

Karatasi imefunikwa kwa plastiki, na mwanga wa simu umegonga pale penye "saa mbili asubuhi" ukaacha doa jeupe. Sehemu ya Kiarabu inasomeka: الساعة ٨ صباحاً, yaani saa 8 asubuhi kwa hesabu ya Kiarabu. Ni kosa kuanza kutafsiri hapo hapo huku unaitazama picha. Kwanza nakili maandishi yote kama yalivyo, mstari kwa mstari, na pasiposomeka uweke mabano matupu badala ya kukisia. Ukitumia programu ya kusoma maandishi kwenye picha, iambie lugha zote mbili zilizomo:

```
tesseract picha.png nakala -l swa+ara --psm 6
```

Halafu hakiki tarakimu kwa macho yako, kwa sababu hapo ndipo programu na binadamu hukosea kwa pamoja. Tano ya Kiarabu, ٥, ni duara linalofanana na sifuri tuliyoizoea, ilhali sifuri yao, ٠, ni nukta ambayo picha hafifu huimeza kabisa. Saba na nane, ٧ na ٨, ni umbo lile lile lililopinduliwa. Mbili na tatu, ٢ na ٣, hutenganishwa na jino moja. Namba ya simu iliyochukuliwa upande wa Kiarabu pekee ipigwe kabla ya kuchapishwa.

Vigezo vinne

Lugha zote mbili zitapimwa kwa maswali yale yale. Nani hasa atasoma? Tarehe na saa zitaandikwaje ili asikosee siku? Hati na tahajia zinadai uangalifu gani? Na amri au katazo husemwaje kwa adabu ya tangazo la hadhara? Kigezo cha pili nimekipa nafasi kubwa kuliko vingine, kwa kuwa tangazo lenye neno lisilopendeza bado litaeleweka, lakini lenye siku isiyo sahihi litamfikisha mama na mtoto mgongoni kwenye mlango uliofungwa.

Kiamhari

*Msomaji.* Kiamhari ni lugha ya kazi ya serikali ya shirikisho ya Ethiopia, na husomwa na watu wengi ambao nyumbani huzungumza lugha nyingine. Kwa kundi la Waethiopia mchanganyiko, ndiyo karatasi moja itakayowafikia wengi. Hata hivyo usiichukulie kuwa lugha ya kila Mwethiopia. Waoromo, ambao ni wengi Nairobi, huandika lugha yao kwa herufi za Kilatini, na wapo wasiosoma hati ya Kiamhari kabisa. Kwa Waeritrea hali ni nyingine. Nchi yao iliunganishwa na Ethiopia kwa shirikisho mwaka 1952, ikamezwa mwaka 1962, na ikapata uhuru mwaka 1993. Wazee waliosoma wakati wa utawala wa Addis Ababa huenda wakakisoma Kiamhari vizuri, vijana waliozaliwa baadaye hawakufundishwa, na wapo wanaoona kuandikiwa Kiamhari kama kuitwa kwa jina la jirani.

*Tarehe na saa.* Ethiopia hutumia kalenda yake ya miezi 13: kumi na miwili ya siku 30, na mmoja mfupi, Pagume, wenye siku 5 au 6. Mwaka mpya huanza tarehe 11 Septemba kwa kawaida, na hesabu ya miaka iko nyuma ya hii yetu kwa miaka 7 au 8. Sasa tazama tangazo letu. Tarehe 9 Septemba 2026 ni tarehe 4 Pagume mwaka 2018. Tarehe 14 Septemba 2026 ni tarehe 4 Meskerem mwaka 2019. Siku sita tu za kufungwa zimevuka mwezi na mwaka, tena kwa bahati mbaya zinaanza tarehe 4 na kuisha tarehe 4. Mtafsiri mvivu ataandika mwaka mmoja kwa tarehe zote mbili, na mhariri asiyejua kalenda ataiona ile nne ya pili, aidhani kosa la chapa, na kuifuta. Mstari sahihi ni huu:

የሕፃናት ክሊኒክ ከረቡዕ ጳጉሜ 4 ቀን 2018 ዓ.ም. እስከ ሰኞ መስከረም 4 ቀን 2019 ዓ.ም. ዝግ ነው።

Herufi ዓ.ም. baada ya mwaka humwambia msomaji kwamba hii ni kalenda ya Ethiopia. Ukiamua kubakiza tarehe ya kimataifa, kwa mfano kwa kuwa kadi ya chanjo ina tarehe hizo, tanguliza እ.ኤ.አ., ufupisho unaosema kuwa hesabu ni ya Ulaya. Tarehe isiyo na alama yoyote ndiyo ya hatari. Kwa kliniki iliyo nje ya Ethiopia mimi huandika zote mbili, ya Ethiopia kwanza na ya kimataifa kwenye mabano.

Kwenye saa, Mswahili ana bahati ambayo Mwarabu hana. Waethiopia huhesabu saa kuanzia mapambazuko kama sisi, kwa hiyo "saa mbili asubuhi" huingia Kiamhari moja kwa moja: ከጠዋቱ 2 ሰዓት. Lakini kumbuka doa jeupe kwenye picha yetu. Anayetegemea upande wa Kiarabu atakuta nane, na akiihamisha kama ilivyo, msomaji wa Kiamhari atasoma saa nane, wakati ambao kliniki imeshamaliza nusu ya foleni. Hata neno asubuhi likiwepo, atabaki akijiuliza kipi kati ya viwili kimekosewa.

*Hati na tahajia.* Herufi za lugha ya kale ya Kigeez, ambazo wenyewe huziita fideli, huandikwa kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja ikibeba konsonanti pamoja na irabu yake katika maumbo saba. Kiamhari kimepoteza baadhi ya sauti za zamani lakini hakikutupa herufi zake, kwa hiyo ሀ, ሐ na ኀ husomwa sawa, na vivyo hivyo ሰ na ሠ, አ na ዐ, ጸ na ፀ. Neno moja unaweza kulikuta limeandikwa kwa namna mbili kwenye magazeti mawili, na yote mawili yakakubalika. Mhakiki akikubadilishia ፀ kuwa ጸ, hajakusahihisha kosa. Amekupa mazoea yake. Chagua namna moja kwa kila neno na uishike hadi mwisho wa karatasi.

*Amri na katazo.* Katazo la hadhara husemwa kwa kitenzi-jina kikifuatwa na "kilkil new": መግባት ክልክል ነው, kuingia ni marufuku. Kwa ombi la adabu kuna እባክዎ, ambayo humheshimu msomaji mmoja bila kuuliza kama ni mume au mke: እባክዎ የክትባት ካርድ ይዘው ይምጡ። Hii humtoshea mama, baba na bibi aliyemleta mjukuu.

Kitigrinya

*Msomaji.* Kitigrinya kina nyumba mbili. Moja ni Eritrea, ambako hutumika katika kazi za serikali pamoja na Kiarabu. Nyingine ni jimbo la Tigray, kaskazini mwa Ethiopia. Msomaji wa Asmara na msomaji wa Mekelle wataelewana, lakini hawaandiki sawa wala hawahesabu siku sawa, na hapo ndipo karatasi moja "ya Kitigrinya" inapogawanyika kimyakimya. Watigray wengi waliosoma shule wanakijua pia Kiamhari. Baadhi ya Waeritrea Waislamu, kwa upande wao, husoma Kiarabu kwa urahisi, kwa hiyo nusu ya chini ya tangazo letu huenda ilikuwa imeshawafikia kabla hujaitwa.

*Tarehe na saa.* Eritrea hutumia kalenda ya kimataifa katika maisha ya kiserikali, lakini miezi yake imebaki na majina ya Kigeez. Kwa Mwaeritrea, Meskerem ni Septemba: tarehe 1 Meskerem anayoiadhimisha kwa kukumbuka kuanza kwa mapambano ya silaha mwaka 1961 ni tarehe 1 Septemba. Kwa Mtigray anayefuata kalenda ya Ethiopia, Meskerem huanza tarehe 11 Septemba. Ukiandika "14 መስከረም" bila zaidi, Mwaeritrea atasoma tarehe 14 Septemba, na jirani yake wa Mekelle atasoma siku ambayo sisi tunaiita tarehe 24. Neno ni lile lile, limeandikwa kwa herufi zile zile, hakuna aliyekosea kusoma, na bado wanatofautiana siku kumi.

Kinga yake ni kuacha jina la mwezi kabisa, kuandika tarakimu, na kutanguliza jina la siku ya juma, ambalo halibadiliki upande wowote:

ክሊኒክ ህጻናት ካብ ረቡዕ 09/09/2026 ክሳብ ሰኑይ 14/09/2026 ዕጹው እዩ።

Mwaka 2026 wenyewe ni ishara: anayeishi mwaka 2018 au 2019 kwa kalenda ya kwao ataelewa papo hapo kwamba hesabu si yake. Saa pia iandikwe kwa tarakimu nne, 08:00 ናይ ንግሆ, kwa sababu umbo hilo lenye sifuri mbele husomwa kama saa ya kimataifa hata na anayehesabu kutoka mapambazuko. Kwa hiyo ile ٨ ya Kiarabu iliyokuwa mtego kwenye Kiamhari hapa inaingia bila kubadilishwa. (Siku za juma nazo zina kichekesho chake kwa Mswahili: ረቡዕ imejengwa juu ya nne kama ilivyo kwa Waarabu, na sisi siku hiyo hiyo tunaiita Jumatano.)

*Hati na tahajia.* Fideli ni zile zile, lakini hapa herufi zinazofanana kwa Mwamhari zina kazi. Kitigrinya kimehifadhi sauti za koo ambazo Mwarabu huziandika ح na ع, kwa hiyo kuchanganya ሐ na ሀ, au ዐ na አ, ni kosa la kweli. Kuna pia ቐ, ambayo hutofautiana na ቀ kwa mstari mdogo kichwani na hupotea kwa urahisi karatasi ikipigwa picha tena na kusambazwa. Chapa kwa herufi kubwa kidogo kuliko ambavyo ungefanya kwa Kilatini, ukitumia fonti kamili kama Noto Sans Ethiopic au Abyssinica SIL. Eritrea huandika ጸ pale ambapo Tigray huandika ፀ, na msomaji hutambua mara moja karatasi imetoka upande gani. Ukitaka kujua kama uliyoletewa na mtafsiri ni Kitigrinya kweli, tazama mwisho wa sentensi: እዩ ni Kitigrinya, ነው ni Kiamhari. Maneno yanayoanza na ኣ, badala ya አ, nayo ni dalili nzuri.

*Amri na katazo.* Muundo ni ule ule wa kitenzi-jina: ምእታው ክልኩል እዩ. Ombi huanza na ብኽብረትኩም, na sentensi ya kadi ya chanjo inakuwa: ብኽብረትኩም ናይ ክታበት ካርድ ሒዝኩም ንዑ። Tofauti na Kiamhari, Kitigrinya hutenganisha wanaume na wanawake hata kwa wingi, -kum na -kin. Kwa tangazo la wote, -kum hutosha, hata kama wanaosimama mlangoni karibu wote ni akina mama.

Kiarabu kinasaidia wapi, kinapotosha wapi

Kinachohama vizuri kuliko vyote ni mkao wa katazo. Aliyezoea ممنوع الدخول anajua tayari kwamba tangazo la hadhara halimkemei mtu. Linataja tendo na kusema limezuiwa. Kiamhari na Kitigrinya hufanya hivyo hivyo, ila mpangilio umegeuka: Mwarabu hutanguliza "marufuku" na kumalizia na tendo, wao hutanguliza tendo na kuweka marufuku mwishoni, kwa kuwa kitenzi chao hufunga sentensi. Ukifuata mpangilio wa Kiarabu utapata kitu kinachoeleweka nusu. Mwenye sikio la Kiarabu atafurahi pia kuikuta -kum ya Kitigrinya ikiwa na maana ile ile aliyoizoea, na zile ح na ع zitamsaidia kuhakiki tahajia ya Kitigrinya kwa masikio. Kwenye Kiamhari msaada huo haupo.

Kinachopotosha ni mizizi ya maneno. Tazama neno la chanjo katika sentensi zetu: ክትባት kwa Kiamhari, ክታበት kwa Kitigrinya. Yeyote aliyepita madrasa ataona k-t-b na kufikiri kuandika, kitabu, maktaba, na akiwa na haraka ataamini kwamba mtafsiri ameandika "kadi ya maandishi" na kuhitaji kusahihishwa. Katika lugha hizi mbili mzizi huo ndio wa chanjo, ilhali kuandika huchukuliwa na mzizi mwingine, jamaa wa sahifa: ጻፈ na ጸሓፈ. Kinyume chake pia ni hatari, yaani kuchukua neno la Kiarabu la chanjo na kulitumbukiza kwenye fideli kwa imani kwamba ukoo utalibeba. Undugu wa lugha utumie kukumbuka neno ulilokwisha kuthibitisha, usiutumie kulibuni.

Mpangilio wa karatasi nao ni wa kugeuza. Kiolezo kilichotengenezwa kwa Kiarabu kimepangwa kulia, na jedwali lake huanza na safu ya kulia. Ukibandika fideli humo bila kugeuza, siku zitakaa upande wa saa na saa upande wa siku. Kwa upande mwingine, ule usumbufu wa namba ya simu kuruka nyuma katikati ya sentensi ya Kiarabu, kwa sababu ya mielekeo miwili kwenye mstari mmoja, hapa haupo.

Kwa kufuata hali yako

Kama wasomaji wako ni Waethiopia wa makabila mbalimbali na una nafasi ya karatasi moja tu, Kiamhari ndicho kitakachowafikia wengi, na ni vyema ukauliza kama Kioromo pia kinahitajika. Andika kalenda mbili, na saa kwa hesabu ya mapambazuko.

Kama wengi ni Waeritrea, andika Kitigrinya kwa tahajia ya Asmara na uiache sehemu ya Kiarabu mahali pake. Usiondoe Kiarabu ili kupata nafasi, kwa maana kwa baadhi yao hicho ndicho wanachokisoma kwanza. Kiamhari hakiwi badala ya Kitigrinya hapa, hata kama mtafsiri wa Kiamhari ndiye aliye karibu na bei yake ni nafuu.

Kama ni Watigray, Kitigrinya kwa ፀ ni heshima na Kiamhari ni msaada. Kwa tangazo la siku chache, lenye tarehe na saa tu, lolote kati ya hayo mawili litafanya kazi. Kwa tangazo la afya lenye maelezo marefu, lugha ya nyumbani ni salama zaidi.

Kama hujui ni akina nani, usianze na kutafsiri. Mwulize anayepokea watu mlangoni wanataja mji gani wanapoandikishwa, kwa maana Gondar ya Waamhara, Mekelle ya Watigray na Keren ya Eritrea zitakupa majibu matatu tofauti.

Na kwa vyovyote utakavyochagua, usimwombe mhakiki akuambie kama tafsiri "ni nzuri". Mpe karatasi iliyochapwa bila picha ya asili, aisome kwa sauti, kisha akutajie kwa Kiswahili: kliniki inafungwa siku gani ya juma, inafunguliwa siku gani, saa ngapi, na mtu aje na nini. Akisema Jumanne saa mbili asubuhi na kadi ya chanjo, bandika. Akisita kwenye tarehe, hata kama mwishoni anaipata, mstari huo urudi mezani.